Mlango Uliogongwa na Maelfu

Miaka ile nilikuwa fundi wa kompyuta katika mradi mdogo wa ulinzi wa bahari, kwenye ofisi ya vyumba viwili karibu na Ghuba ya Chole. Kazi yetu kubwa ilikuwa kupokea taarifa za watu wanaovua kwa baruti. Mwanakijiji akisikia mlipuko anapiga simu, karani anaandika kwenye mfumo wetu wa mtandaoni, na watu wa doria wanasoma kwenye simu zao wakiwa botini.

Fomu ile niliichora mimi, na sikuweka sehemu ya jina kwa makusudi. Wavua baruti hawakuwa wageni, walikuwa majirani na mashemeji, na tulijua mtu aliyewataja angefanywa nini. Nilijiona mjanja sana.

Asubuhi moja mfumo ukawa mzito. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikakuta mistari ya watu walioshindwa kuingia kwenye ukurasa wa wasimamizi. Mistari haikuwa na mwisho. Kila aliyejaribu alikuwa na anwani yake ya mtandao, ile namba inayoonyesha ombi limetoka wapi, na hakuna anwani iliyojirudia zaidi ya mara moja au mbili. Moja ya Asia, moja ya Ulaya, nyingine za hapahapa Tanzania. Vilikuwa vifaa vya watu wasiojua kitu, vimeambukizwa na kukodishwa na mtu mmoja tusiyemjua.

Nilikuwa na kinga, na niliitegemea kwa kiburi: anwani moja ikikosea mara tano ndani ya saa moja, inafungiwa. Siku ile haikufungia hata moja. Nani akosee mara tano ilhali ana maelfu ya wenzake wa kupokezana?

Mkuu wetu, mtu mzima mpole aliyechukia makelele, akaja kusimama nyuma yangu.

"Fundi, kuna nini?"

"Kuna mtu anabahatisha maneno ya siri, mkuu."

"Si mfungie?"

"Yupi?"

Na mimi, badala ya kufikiri, nikapandwa na hasira. Nikaikaza kanuni ileile: ukikosea mara mbili, nje kwa siku nzima. Karani akaniletea chai ya tangawizi, akasimama mlangoni akinitania kwamba leo nimeiva kama pweza. Kikombe hakijapoa, simu ya doria ikalia.

"Fundi, tumefungiwa! Sote! Tuko maji ya nje huku!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya mtandao. Mtu mmoja wa doria alikuwa amekosea mara mbili kwa vidole vilivyolowa, na kwa kumfungia yeye niliwafungia wenzake wote. Wavamizi sikuwagusa.

Nikarudisha kanuni ya zamani, nikajaribu njia nyingine: akaunti ikikosewa mara kumi, bila kujali anwani, ifungwe. Dakika chache baadaye akaunti ya mkuu ikafungwa, kisha yangu. Wale maelfu walikuwa wanazikosea kila dakika, na kila nikifungua walizifunga tena. Sasa walikuwa hata hawahitaji kuingia ili kututoa nje.

Ndipo nikafikiri kama nilivyotakiwa kufikiri tangu asubuhi. Nilikuwa nimehangaika kumjua anayegonga, na shida ilikuwa mlango kukaa barabarani. Ukurasa wa wasimamizi nikautoa kwenye mtandao wa wazi, nikauweka nyuma ya njia ya siri inayofunguka kwa ufunguo uliowekwa ndani ya kifaa chenyewe. Asiye na ufunguo hata hauoni. Nikaacha kufunga akaunti. Makosa yakahesabiwa kwa akaunti, yatoke anwani yoyote, na yakizidi, majaribio yanacheleweshwa, isipokuwa kwa kifaa tunachokijua. Juu ya hapo nikaweka namba ya pili, ile inayobadilika kwenye simu kila nusu dakika na isiyohitaji mtandao.

Hiyo namba ya pili nilikuwa nimeiomba mwaka mzima. Mkuu alikataa kwa sababu watu wetu huangusha simu baharini, na ni kweli, huziangusha. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi sikubishana naye vya kutosha.

Ilipofika alasiri kumbukumbu zikawa kimya. Karani akapiga makofi. Mkuu akasema alhamdulillahi. Mimi nikafanya kitu nilichopaswa kukifanya kwanza: nikaacha kuwatazama walioshindwa, nikawatafuta waliofaulu.

Alikuwapo mmoja. Aliingia kwa akaunti ya karani, kwa anwani tusiyoijua, saa ileile karani alipokuwa amesimama mlangoni kwangu na kikombe mkononi. Nikamuuliza neno lake la siri lilikuwa nini. Lilikuwa jina la timu yake ya mpira na moja, mbili, tatu. Hata mtoto angelikisia.

Nikaifuta ruhusa aliyoingia nayo na kulibadilisha neno la siri. Nikaangalia alichofungua. Orodha ya taarifa, kisha taarifa moja, ya juu kabisa, kisha akatoka.

"Hamna majina mle," nikasema. Nilikuwa najiambia mwenyewe.

Karani akainamisha kichwa. Nikaifungua ile taarifa, nikasoma sehemu ya maelezo. Watu wa kwetu hawapigi simu wakaanza tu na shida. Husalimu, huuliza hali ya nyumbani, hujieleza ni nani, binti wa nani, mke wa nani, mtaa gani, ndipo waseme. Na karani, mtu wa adabu, alikuwa anaandika kila neno kama lilivyotoka. Jina la bibi aliyepiga simu lilikuwapo, na la baba yake, na la marehemu mumewe, na mahali linapoanzia shamba lake la mwani. Chini yake, majina ya vijana aliowaona na baruti.

"Ningemkatiza vipi mtu mzima anajitambulisha?" karani akasema. Kwa miezi yote ile sikuwahi kusoma hata taarifa moja.

Mkuu alitaka tunyamaze. "Tusimtie bibi wa watu hofu, huenda ni mhuni wa mbali tu, hajui hata Kiswahili." Huenda. Lakini mhuni wa mbali angefungua taarifa moja tu na kuondoka? Usiku ule sikulala, na asubuhi maji ya bahari yalipotoka nikaenda kwake shambani.

Nilimkuta amechutama kwenye maji ya kifundoni, anafunga mwani kwenye kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa ofisini?"

Nikamweleza. Nilisema mtu ameingia, ameona. Nilisema tumeshafunga mlango, hataweza tena. Maneno hayo ya mwisho yaliniaibisha nikiwa bado nayasema. Maji yakimwagika hayazoleki.

Aliendelea kufunga mafundo mawili zaidi.

"Ameliona na la mume wangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Nilijitaja kwa adabu," akasema. "Nyinyi mlikuwa mnaandika?"

Hakuna aliyemgusa, kwa ninavyojua mimi. Kamba zake zilikatwa mara moja tu, na hata mawimbi huweza kuzikata. Ukurasa wetu haukuvamiwa tena. Wiki tatu baadaye, tukiwa ofisini mchana, mlipuko ukatetemesha vioo vya dirisha. Ukaja wa pili. Karani akavuta kiti karibu na simu, akaweka vidole kwenye kibodi, tukasubiri. Simu haikulia.