Laptop Iliyoimba Peke Yake

Muziki ulikatika katikati ya wimbo wa tatu, na kitu cha kwanza Ngurumo alichokishika ni sikio lake la kushoto.

Alilibonyeza, akalivuta, akameza mate kama mtu anayeteremka mlima. Kisha akawatazama watu. Walimu waliokuwa wakicheza mbele ya jukwaa walisimama, mikono bado iko juu, na mwalimu mkuu aliyekuwa akiagwa siku hiyo aligeukageuka akitafuta wa kumlaumu. Ngurumo akashusha pumzi. Kumbe si sikio. Muziki ulikuwa umekatika kwa watu wote.

Nafuu hiyo haikudumu, kwa sababu sasa kila jicho lilikuwa kwake.

Alikuwa dijei kwa miaka kumi na tisa, na jina la Ngurumo alipewa kwa ajili ya besi yake, iliyotikisa madirisha ya kumbi nyingi. Wasichojua watu ni kwamba mwaka uliopita daktari wa masikio alimwonyesha mchoro wa usikivu wake, wenye mstari uliokwenda sawa, halafu ukaporomoka. Sauti nzito alizisikia kama zamani. Sauti nyembamba, kama mlio wa funguo au mluzi wa birika, zilikuwa zimekwenda, na daktari alimwambia wazi kwamba hazitarudi. Hakumwambia mkewe. Hakumwambia hata shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi mitambo aliyefanya naye kazi kila wiki. Dijei asiyesikia, nani atamwita? Akajifunza kuunganisha nyimbo kwa macho, akifuata mawimbi ya rangi kwenye skrini, na watu wakiongea akawatazama midomo.

"Ngurumo, umesinzia?" mtu alipaza sauti kutoka meza ya nyuma. Watu wakacheka.

Shemeji alifika mbio kutoka kwenye spika, tochi mkononi, bisibisi mfukoni.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu. Angalia mwenyewe, wimbo unakwenda."

Ni kweli. Kwenye skrini mawimbi yalitembea na sekunde zilihesabika. Lakini kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, taa ndogo za kijani za njia ya laptop zilikuwa zimezimika. Sauti ilitoka kwenye programu, ila haikufika kwenye mikisa.

Shemeji alichukua kipaza sauti. "Moja, mbili." Ukumbi mzima ukamsikia. "Basi spika nzima, amplifaya nzima, mikisa nzima. Tatizo liko upande wako, shemeji."

"Upande wangu kivipi?"

"Upande wako ndivyo hivyo."

Alichomoa waya kwenye mikisa, akauhamishia njia nyingine. Kimya. Akarudi kwenye laptop, akachomoa ule ule waya na kuuchomeka kwenye simu yake ya zamani yenye tundu la duara. Muziki wa simu ukalipuka kwenye spika, mwalimu mkuu akaruka.

"Waya nao mzima," shemeji alisema. "Imebaki laptop."

Ngurumo aliizima laptop na kuiwasha upya, na alipokuwa akisubiri, mshereheshaji aliifunika aibu yao kwa vichekesho. Kila kitu kilipochomekwa tena, muziki ukarudi. Walimu wakapiga makofi. Ngurumo akafuta jasho, akajiambia kwamba ni programu tu iliyojichanganya. Dakika sita baadaye, besi ilipoanza kutikisa meza, kimya kikarudi.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe hadi jukwaani.

"Kijana, mimi nimesubiri siku hii miaka thelathini na minne."

Ngurumo, ambaye nywele zake zilikwisha kuingia mvi, aliona midomo ikisema maneno hayo na akajibu, "Samahani, mwalimu. Sasa hivi." Akainamia kibodi, akafungua hiki, akafunga kile. Hakujua tena anachotafuta.

Shemeji alisimama nyuma yake, akatega sikio. Kisha akasema, "Sikiliza."

Ngurumo hakugeuka.

"Shemeji. Sikiliza hiyo."

"Nisikilize nini?"

"Laptop yako inaimba."

Ngurumo aliitazama mashine. Aliinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia kibodi. Hakusikia kitu. Spika za laptop ni ndogo kama vifungo vya koti. Besi haziwezi, zinatoa sauti nyembamba tu, ile ile iliyokwisha kumkimbia. Alipoinuka, alikutana na macho ya shemeji, na shemeji alikuwa haangalii laptop tena.

"Husikii?"

"Kuna kelele humu."

"Kuna kelele gani? Watu wote wamenyamaza."

Shemeji hakulisukuma zaidi, akarudi kwenye kazi kwa sababu kazi ilikuwa mbele yao.

"Kama inaimba yenyewe," alisema polepole, akihakikisha uso wake uko mbele ya uso wa Ngurumo, "inaamini haijachomekwa kitu. Ukichomoa ndipo inarudi kwenye spika zake. Nani amechomoa?"

Wote wawili wakaangalia ubavu wa laptop. Tundu lake la hedifoni lilikufa zamani, kwa hiyo Ngurumo alitumia adapta: kipande kifupi cha waya, upande mmoja plagi bapa ya kuingia laptop, upande wa pili tundu la duara la kupokea waya wa mikisa. Ndani yake mna kijidude kinachogeuza hesabu za kompyuta kuwa sauti. Waya mzito wa mikisa ulining'inia ukingoni mwa meza, na uzito wake wote ulibebwa na shingo ya adapta, wiki baada ya wiki.

Shemeji alifungua orodha ya vifaa vya sauti kwenye skrini. Jina la adapta halikuwepo. Akaikunja shingo ya adapta kidogo: jina likatokea, spika zikanguruma. Akaiachia: jina likatoweka.

"Imekatika ndani," alisema. "Uliporudisha waya ukaikalisha vizuri, ikashika. Besi ilipotikisa meza, ikaachia."

Mwalimu mmoja wa kike alikuwa na adapta ya namna hiyo kwa ajili ya vipokea sauti vya simu yake. Waliiazima. Shemeji aliufunga waya kwa utepe wa gundi kwenye mguu wa meza usivute tena, na jina jipya lilipotokea kwenye orodha, muziki ulirudi na haukukatika mpaka mwisho. Mwalimu mkuu alicheza mpaka koti likamtoka.

Ngurumo hakucheza hata kwa bega. Shemeji alisimama kwenye mikisa, akapunguza sauti nyembamba, akapunguza tena.

"Mwaka mzima najiuliza kwa nini unaziongeza sauti nyembamba mpaka zinachoma masikio ya watu," alisema walipokuwa wakikunja nyaya. "Dada anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Ukimwambia, kazi imekwisha."

"Leo imekwisha mara mbili, na laptop ilikuwa ikiimba mbele yako husikii." Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Mikisa nitashika mimi. Nyimbo chagua wewe. Lakini sitamdanganya dada yangu."

Ngurumo alifika nyumbani jua bado halijazama. Mkewe alikuwa akikunja nguo kitandani, amempa mgongo, na mabega yake yalionyesha kwamba anaongea. Siku nyingine angejibu "sawa" na kuomba Mungu liwe jibu linalofaa. Alizunguka kitanda, akakaa mbele yake.

"Nimekuuliza kazi ilikuwaje," mkewe alisema.

"Sikukusikia."

"Ndiyo maana narudia."

"Hapana, mama watoto. Kaa kwanza. Sikusikii tangu mwaka jana."

Mkewe alibaki na shati mkononi. Midomo yake ilianza kusema, na Ngurumo akaikazia macho asipitwe na neno.