Dakika za Kwenda na Kurudi

Barua ya tatu kutoka zahanati ya mlimani iliponifikia, niliijibu kabla sijamaliza chai. Mara mbili nilikuwa nimeijibu vilevile, na jibu nililijua kwa moyo: kijiji hicho kimekwisha kupata huduma ya maji kwa mujibu wa Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, hivyo hakimo katika makisio ya mwaka huu. Nikatia sahihi, nikagonga mhuri. Nilikuwa afisa mipango wa halmashauri, halmashauri zilikuwa zimerudishwa miaka michache tu nyuma, na mimi nilivimba kichwa kwa ajili ya mpango ule kama mtu aliyejenga nyumba ya bati kwa mara ya kwanza.

Sina budi kusema ulikuwa mpango mzuri. Wengine walikuwa wakiandika orodha ya matakwa, kila diwani na daraja lake. Sisi tuliandika lengo la mbali kwanza: kila kaya ichote maji karibu na nyumbani. Kisha tukaligawa kwa miaka mitano, kila mwaka na vijiji vyake, na kila kijiji na fungu lake katika bajeti. Kijiji ambacho hakikuwamo katika mpango hakikupata hata mfuko wa saruji, hata diwani wake apige meza mpaka kesho.

Na kipimo kilikuwa changu. Nilichukua ramani na bikari, nikaweka sindano juu ya kila chemchemi iliyojengewa, nikazungusha duara la mita mia nne. Kijiji kilichoangukia ndani ya duara niliandika kimehudumiwa.

Muuguzi aliyekuwa akiandika zile barua hakuandika ya nne. Alikuja. Alitembea tangu alfajiri, akapanda lori la kahawa kutoka Ihanda, na saa nne alikuwa amesimama mbele ya meza yangu na barua zangu tatu mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema, ingawa tulikuwa rika moja. Nilielewa kwamba hiyo haikuwa heshima. "Mama akija kujifungua kwangu anakuja na dumu lake la maji kichwani. Asipokuja nalo, namtuma nduguye bondeni kuchota. Wiki iliyopita ndugu alirudi mtoto amekwisha kuzaliwa, na sikuwa na hata maji ya kunawa mikono. Sasa nieleze hiyo huduma tuliyopata iko wapi, nikaichote."

Nilimwonyesha ramani. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye mlima wake, akakipeleka kwenye chemchemi. Kidole hakikusafiri hata urefu wa kucha.

"Kesho kutwa njoo," alisema. "Na saa yako."

Nilikwenda kwa sababu nilitaka kumkomesha. Nasema ukweli. Wilaya yetu yote ni migongo ya milima na mabonde, nimezaliwa humo, nimechunga mbuzi humo, lakini nilipokalia kiti cha ofisi niliusahau mteremko. Alinipa dumu la lita ishirini na ngata ya majani makavu ya mgomba. Kushuka tulitumia dakika kumi na moja, nikawa natabasamu. Kupanda na dumu limejaa kulinimaliza. Nilitua mara tano. Wasichana walinipita wakicheka kwa Kinyambo, lugha yetu, wakidhani sielewi walichosema kuhusu miguu yangu. Tulipofika zahanati nilitazama saa: dakika hamsini na tano, kwenda na kurudi. Maji ya kujifungulia mtoto mmoja, na hayo nusu yake niliyamwaga njiani.

Niliona aibu, na aibu kwangu hugeuka hasira. Kwa bahati nzuri hasira ile niliielekeza kwenye kazi. Kwa miezi miwili wahudumu wa maendeleo wa kata walitembea vijiji vyote na saa za kuazima, wakifuatana na wachotaji kutoka nyumba za katikati ya kijiji. Kipimo kikawa dakika za kwenda na kurudi na dumu limejaa. Shabaha ya miaka mitano ikawa kijiji chochote kisizidi dakika thelathini. Vijiji tukavipanga kuanzia chenye dakika nyingi. Mlimani, ambako nyumba ziko juu zaidi ya zahanati, hata wachotaji wao walifikisha hamsini na tano.

Kamati ya fedha na mipango haikufurahi. Mwenyekiti wa halmashauri alishika jedwali la mwaka uliopita mkono mmoja na jipya mkono wa pili.

"Mwaka jana vijiji vilivyohudumiwa vilijaa ukurasa. Mwaka huu havifiki nusu. Mkoani wakiniuliza maji yamekwenda wapi, niseme umeyanywa wewe?"

"Hayakuwahi kuwapo, mheshimiwa," nilisema. "Ilikuwa bikari."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa maneno machache. Alikubali kipimo kipya kwa sharti moja: ukomo wa bajeti hausogei. Bomba la kuteremsha maji ya mserereko, bila pampu, kutoka chemchemi ya juu, upande wa pili wa mlima, hadi zahanati, lingeingia mwaka huu iwapo kitu kingine kingetoka.

Nilijua kitakachotoka kabla mhandisi wa maji hajapitisha kidole kwenye orodha. Kilikuwa kijiji chetu, upande wa Chonyonyo, ambako mama yangu alikuwa akiishi. Dakika thelathini na mbili. Kilishuka kutoka mwaka wa kwanza hadi wa nne. Mbele ya baraza la madiwani niliisoma orodha mwenyewe, kwa sauti iliyonyooka, na diwani wa kata yetu alinitazama mpaka nilipokaa. Bajeti ikapita. Muuguzi hakuandika barua nyingine. Vijana wa mlimani walianza kuchimba mtaro kabla mabomba hayajafika.

Jumapili nilikwenda kwa mama. Nilimkuta akimenya ndizi. Nilikuwa nimemwahidi bomba la mwaka ule, na majirani walikwisha kumpongeza. Nilimweleza kila kitu, polepole, kama nilivyoeleza kamati.

"Kule mlimani wana ngapi?" aliuliza.

"Hamsini na tano."

"Na sisi?"

"Thelathini na mbili."

Alimenya ndizi mbili nzima. "Mlipima na nani?"

"Na wachotaji, mama. Binti wa jirani na mwenzake."

"Mimi hamkunipima."

Wajukuu wakiwa shuleni, mama alikuwa akishuka bondeni mwenyewe. Nililijua hilo, na katika miezi miwili ya kupima halikunijia hata mara moja. Aliinuka, akachukua dumu lake, lile dogo la lita kumi. Nilitaka kumbebea, akalivuta.

"Ukibeba wewe utakuwa umepima nini?"

Nilitembea nyuma yake na saa mkononi. Kushuka alishika vichaka. Kupanda alitua mara nyingi, na kila akitua nilisimama hatua tatu nyuma kama karani, nikiumia, nikiogopa kumgusa nisije nikaharibu hesabu. Mlangoni alitua dumu, akakaa juu ya jiwe, akasubiri pumzi irudi.

"Ngapi?"

Nilifikiria kumdanganya. "Sitini na moja."

"Na wao hamsini na tano," alisema. Hakulalamika. Alilinganisha tu, kama nilivyomfundisha muda si mrefu, kisha akaingia ndani kuinjika ndizi. Bajeti ilikuwa imekwisha kupitishwa, na aliyeisoma ni mimi.