Harufu ya Kwenye Kifuniko

Mimi pua yangu haina adabu. Tangu nikiwa mdogo kwetu Misungwi, nikiingia nyumba ya watu nauliza, "Hapa kunanuka nini?" na mama ananifinya paja mpaka machozi yananitoka. Kwa hiyo kuna kitu kilinikera kweli mwaka ule: jiko langu mwenyewe, hapa mjini, Pasiansi, lilikuwa linanuka, na mimi mwenye pua hii sijui kinachonuka ni nini.

Mama mkwe alikuwa kwetu. Alikuja kutoka Bukoba kupasuliwa tumbo, na daktari akasema asiondoke mjini mpaka kidonda kifunge, maana kinatakiwa kusafishwa na kuangaliwa. Kijijini kwake zahanati iko mbali, na njia yenyewe ni ya kurushwarushwa. Tukampa chumba cha pembeni ya jiko kwa sababu kiko karibu na choo na hakina ngazi.

Mwanzoni alikula vizuri. Halafu akaanza kubakiza. Namletea ndizi na maharage, anagusagusa tu. Namletea sato wa kuchemsha, anasema ameshiba. Akawa anashinda chumbani, mlango umefungwa, na joto lile! Nikibisha anafungua kidogo, anapokea sahani, anafunga. Siku moja akamwambia mwanawe, mume wangu, "Nikatieni tiketi ya meli. Nataka kwetu."

"Mama, kidonda bado," mume wangu akasema.

"Nitakiuguza huko huko."

Mume wangu akanitazama mimi. Jamani! Utafikiri mimi ndiye niliyemfukuza. Nilinuna, sifichi. Nikajisemea, mama wa watu hapendi mapishi ya Kisukuma, anaona aibu kusema, ndiyo maana anafunga mlango asinione uso. Lakini chini ya kununa niliogopa. Akipanda meli na kile kidonda kikafumuka huko, nitajibu nini?

Hospitali nilikuwa naenda naye mimi. Muuguzi anatoa bandeji, anakagua, anasema kidonda ni kikavu, kinaendelea vizuri. Mama mkwe akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hakinuki?" Muuguzi akacheka, "Hakinuki, mama yangu." Mimi nikaona ni maswali ya wagonjwa tu.

Tuliporudi siku hiyo, nikafungua mlango wa jiko na ile harufu ikanipokea. Samaki aliyelala, tena na kitu kingine cha uvundo chini yake. Nikasema leo hutoki salama. Nikanusa sinki, haipo. Nikanusa tambara la kufutia meza, haipo. Nikapiga magoti nikanusa chini ya kabati kama mbwa wa askari. Mwisho nikafika kwenye ndoo ya taka, ile ya plastiki ya kukanyaga kwa mguu kifuniko kinafunguka.

Sasa ajabu yenyewe ni hii: ndoo ile nilikuwa naimwaga kila siku na kuisuuza. Muda ule ilikuwa tupu na inang'aa. Nikaingiza kichwa ndani: harufu kidogo. Nikanusa kifuniko, toba! Nikarudi nyuma.

Nikakigeuza, nikakitikisa. Kikasema choro, choro. Kumbe kilikuwa na matabaka mawili, la juu na la chini, na katikati uwazi, na ukingoni mwanya mwembamba. Nikapenyeza mpini wa kijiko, tabaka la chini likabanduka. Maji ya kahawia yakanimwagikia miguuni, na magamba ya samaki, na utelezi ambao siutaki hata kuukumbuka. Nikaelewa palepale. Kila siku nilipokuwa nasuuza, nilikuwa nasukumia maji ya samaki humo ndani, kisha nafunika ikiwa mbichi. Usafi wangu ndio ulioulisha ule uvundo!

Nikaita hasira zangu zote. Sabuni ya unga, maji ya moto ya kuvumilika mkononi, mswaki wa zamani. Nikasugua matabaka yote mawili, ukingo, bawaba, na mdomo wa ndoo pale kifuniko kinapokalia. Bado mikono ilisikia utelezi wa mafuta. Ndipo nikakumbuka kwetu: sufuria ikishika mafuta, mama anatia magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Nikakoroga magadi kwenye maji ya moto, nikapaka.

Mafuta yalitoka, tena yote. Lakini harufu, wee! Ikafufuka. Ilikuwa kama sangara amepasuliwa mbele ya pua yangu. Nikasimama na mswaki mkononi nimeduwaa. Kitu kimesafika na kimezidi kunuka, hiyo imekaaje? Hasira ikaniishia, nikabaki na hamu ya kujua tu. Nikasuuza, nikanusa. Nikapaka magadi kidogo pembeni kwa makusudi, nikanusa tena. Kweli, kila magadi yakigusa, samaki anaamka.

Basi kama kuna kinachomwamsha, lazima kiwepo kinachomlaza. Na jibu lilikuwa mezani kwetu siku zote. Tukimaliza kula sato kwa mkono tunafanya nini? Tunapaka ndimu! Nikasuuza magadi yote, nikakata ndimu, nikasugua kila kona na maganda yake, nikaacha kidogo. Nikanusa. Samaki hayupo. Nilicheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu.

Nilitaka kuongezea na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, nikajizuia. Ile haichanganywi na ndimu wala siki, inatoa hewa ya kuumiza kifua. Nikasuuza tu kwa maji safi, nikaanika vipande vyote juani, ndoo imelazwa, mpaka vikakauka kabisa. Kisha nikavirudishia, nikafunika, nikaacha kwa muda harufu ijikusanye kama ipo. Nikafunua ghafla na kuingiza pua. Plastiki tu. Nikatandika gazeti ndani ya ndoo, na vipande viwili vya mkaa vya kunyonya harufu, nikairudisha mahali pake.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake, kanga puani. Akaishusha pole pole. Akavuta pumzi, akavuta tena.

"Mwanangu, ile harufu imekwenda wapi?"

"Na wewe ulikuwa unaisikia, mama?"

Akaitazama ndoo. Nikamwonyesha magamba niliyoyakusanya kwenye karatasi, nikamweleza kifuniko, na magadi, na ndimu. Nilikuwa naeleza kwa maringo kabisa. Akavuta kigoda akakaa, akaweka mkono juu ya tumbo lake, pale penye bandeji.

"Kumbe ni kifuniko," akasema.

"Kifuniko, mama."

"Mimi nilijua ni mimi. Nilijua naoza humu ndani, na ninyi mnanivumilia. Yule muuguzi nikaona ananificha. Nikasema niende nikafie kwetu, nisiwanukishie nyumba."

Maringo yote yakaniishia. Ule mlango, na joto lote lile, alikuwa anaufunga kwa ajili yetu, na mimi nilikuwa nanuna! Nilichuchumaa pale pale sakafuni nikashika magoti yake, nikalia, na yeye akawa ananipiga piga bega kama mimi ndiye mgonjwa.

"Sato amebaki?" akauliza.

"Amebaki."

"Nipashie. Na ndizi. Na mwambie mwenzako tiketi aiache kwanza."

Alikula akamaliza, akaomba na mchuzi. Kisha akarudi chumbani kupumzika, na mlango akauacha wazi.