Kisigino cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa mkimbiaji wa maili moja, na kwetu Timbwani hakukuwa na wa kumfikia. Mwaka ule kabla ya uhuru walikuwa wakichagua vijana wa Pwani wa kwenda kushindana Nairobi, naye alibakiza mbio moja tu ya mchujo. Hakuwa akizungumza jingine. Mimi nilikuwa nesi msaidizi katika zahanati moja ya Likoni, aproni nyeupe kifuani na kiburi tele kichwani. Mama alikuwa mkandaji. Wazazi waliotoka kujifungua, wachukuzi walioteguka migongo, wote walipita mikononi mwake.

Kisigino kilimwanza mapema, mwaka mzima kabla. Asubuhi alichechemea hadi uani, mguu umekakamaa. Akishakimbia kidogo maumivu yalimwachia, kisha yakamrudia akipoa. Upana wa vidole vitatu juu ya kisigino, kano lake lilikuwa limenenepa, lina fundo lililopanda na kushuka alipochezesha wayo. Lilikuwa kano lililochakaa, nyuzi zake zimedhoofu ndani kwa ndani. Mama alilikanda kila jioni kwa mafuta ya nazi yenye moto, na sote tukalizoea fundo lile.

Kisha akapata viatu vya misumari, vigumu nyuma kama ubao. Siku chache tu, kisigino kikavimba pale viatu viliposugua, uvimbe laini wenye joto. Akanijia zahanati. Nikambinya kwa vidole viwili, huku na huku, mbele ya kano, juu kidogo ya mfupa. Akaruka.

"Hapa kila mtu ana kifuko cha maji," nikamwambia, "kati ya kano na mfupa, visisuguane. Chako kimevimba. Kata viatu nyuma, na usipande vilima."

Nilisema kweli. Wiki mbili baadaye uvimbe ulikuwa umeshuka, nami nikatembea mtaani nikijiona daktari.

Aliporudi mara ya pili nilikuwa nikimfunga bendeji mgonjwa mwingine.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wasemaje?"

"Kuna kitu kingine. Juzi mchangani kilinichoma ghafla, hapa juu, penye fundo. Wallahi najua hata hatua yenyewe. Na hiki nikikimbia hakilainiki, chazidi."

Sikugeuka. Sikumwambia asimame kwa ncha za vidole vya mguu ule nione kama ataweza. Kidole changu hakikugusa pale alipopaonyesha. Nilikuwa nimekwisha kuupa ugonjwa jina, na jina lilinipendeza.

"Ni kifuko kilekile," nikasema.

"Basi nikimbie?"

"Kimbia."

Mbio zilikuwa Changamwe. Mzunguko wa mwisho alikuwa mbele, nami nikipiga kelele mpaka buibui likaanguka. Mara akageuka kwa hasira, kama aliyepigwa teke kwa nyuma. Nyuma hapakuwa na mtu. Akakaa chini katikati ya njia, wenzake wakampita mmoja mmoja.

Hospitali, ng'ambo ya kivuko, daktari alimlaza kifudifudi. Akabinya shavu la mguu mzima, wayo ukainama. Akabinya la mguu mbovu, wayo ukatulia tu. Juu ya kisigino kidole chake kilizama penye pengo. Alipoona aproni yangu chini ya buibui akanieleza polepole, kama mwalimu. Kano lililochakaa hukakamaa na kulainika. Kifuko huuma chini, mbele ya kano, na kiatu hukichokoza. Lakini kano likichanika kidogo, mwenyewe huijua siku na hatua, huuma kwa ukali mahali pamoja na halikubali kukimbizwa. Mtu mmoja aweza kuwa na yote matatu. Lile lililochanika nusu lilitaka mapumziko tu; sasa lilikuwa limekatika kabisa.

"Hakumwambia mtu?" akaniuliza.

Mdogo wangu akanitazama. "La, daktari. Sikumwambia mtu."

Nikavuta buibui, nikaifunika aproni. 

Mguu ulifungwa plasta miezi kadhaa. Ulipona wa kutembelea tu, akapata kazi ya kukaa, bandarini. Bendera mpya ilipopandishwa hakwenda kutazama, alisema kuna msongamano.

Mama ndiye aliyejihukumu. "Nimemkata mwanangu kwa mikono yangu," alisema, akamwaga mafuta uani. Wanawake walikuja na vichanga vyao kumbembeleza, akawarudisha. Nami ningeweza kumwambia, "Mama, ni mimi niliyemwambia akimbie." Mdogo wangu alinisubiri niseme, kisha akaacha kunisubiri, na tangu hapo tukawa watu wa kujuliana hali tu.

Mama aliishi miaka mingi bila kumkanda mtu. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilipofika kwenye viganja vyake nikainama sikioni, nikamwambia. Wenzangu walidhani namsomea dua, wakaitikia amina.