Fahali wa Jumamosi

Shemeji yangu sijamsamehe mpaka leo, na watu wa kanisani wameacha kunishauri. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu na mtunza zizi la misheni huku kwetu Kilolo. Miaka ile ya hamsini yeye ndiye aliyekuwa na amri juu ya fahali pekee wa upande wetu, kwa sababu wanaume wote walikuwa wamewahasi mafahali wao wapate maksai wa kuvuta plau. Fahali wa misheni yupo, walisema, wa nini kufuga wengine? Shemeji akaweka sheria: ng'ombe analetwa Jumamosi asubuhi, na siku nyingine fahali hafunguliwi hata uje unalia.

Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja. Baba yangu alinipa nilipoolewa, na mume wangu alipokwenda Tanga kukata mkonge, ng'ombe yule ndiye aliyebaki kuwa wangu kweli katika boma lile. Alizaa mara moja, ndama akakua, maziwa yakakauka. Kila nilipomwona na damu mkiani nilimswaga mpaka misheni, maana shemeji alifundisha watu hivyo: damu ndiyo dalili kwamba ng'ombe anataka dume.

Nilimpeleka Jumamosi ya kwanza, fahali akamnusa, akageuka kula majani. Baada ya wiki tatu nikampeleka tena. Safari hii fahali alijaribu kupanda, ng'ombe akachomoka mbio na kuniangusha kwenye matope. Mara ya tatu shemeji hakumfungua fahali hata kidogo.

"Ng'ombe yako hii ni tasa," alisema mbele ya watu. "Harusi ya mwanangu iko karibu. Tutamla."

"Shemeji, huyu amezaa. Tasa anazaaje?"

"Amezaa mara moja, akafunga. Wewe utanifundisha mimi mambo ya ng'ombe?"

"Na mbuzi yangu mbona inazaa kila mwaka?"

"Mbuzi yako ina akili kuliko wewe."

Watu walicheka. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kuweza kuvunja chungu, na bahati yake nilikuwa na chungu kimoja tu.

Lakini lile neno la mbuzi lilinikaa. Mbuzi wangu hawakupelekwa popote. Beberu alilala nao banda moja, akinuka mpaka macho yanatoka machozi. Jike akianza kulia na kuchezesha mkia, beberu yupo pale pale. Tena hali ile humkaa mbuzi siku nzima, pengine mbili, wala hakuna mtu anayemwambia asubiri Jumamosi. Nikajiuliza: je, ng'ombe wangu anataka fahali siku ambayo mimi simwoni?

Nikaanza kumchunguza mwenyewe. Nilimtazama alfajiri kabla ng'ombe wa boma hawajatoka, na jioni wakirudi, kwa sababu wakati wa malisho ng'ombe anashughulika na tumbo lake. Jumatano moja alfajiri nilimkuta ng'ombe wa mama mkwe amempanda mgongoni, na wangu amesimama tuli, hasogei hata hatua. Nyuma yake ulining'inia ute mwangavu wa kuvutika, kama ute wa yai. Zamani nilipowaona wakifanya hivyo niliwachapa fimbo, nikidhani ni utundu. Siku hiyo niliacha fimbo chini, nikatazama. Kesho yake hakukubali tena kupandwa. Ijumaa damu ikatoka.

Hapo niliona kosa letu lote. Damu ilikuwa inakuja wakati mambo yamekwisha. Si kila ng'ombe huitoa, na haisemi kama mimba imeshika au haikushika. Inasema tu kwamba umechelewa. Ng'ombe wangu alikuwa anamtaka fahali Jumatano, kwa muda usiozidi mchana mmoja au usiku mmoja, na sisi tunampeleka Jumamosi. Na kwa kuwa hali ile humrudia baada ya wiki tatu hivi, ilimrudia Jumatano ile ile, au ikakosea kwa siku moja. Kwa sheria ya shemeji angezeeka bila kupandwa.

Nilihesabu siku kumi na tisa tangu ile damu, kwa punje za mahindi ndani ya kibuyu. Jumanne jioni ng'ombe akaanza kulia ovyo na kunusanusa wenzake. Wakimpanda, anakimbia. Bado, nikasema. Jumatano alfajiri alipandwa akasimama. Ukimwona hivyo asubuhi, mpeleke kabla siku haijaisha. Nilikuwa nimelijua hilo kwa kupigia hesabu tu, sikufundishwa na mtu. Alasiri nilikuwa kwenye lango la misheni.

"Leo Jumatano," shemeji alisema.

"Najua. Na yeye anajua."

"Rudi nyumbani."

"Kamwene, shemeji," nikasema, maana sikuwa nimemsalimu, kisha nikaanza kuchomoa miti ya lango.

Alinipiga fimbo ya bega. Nikachomoa mti wa pili. Akanipiga tena, nami nikamwambia maneno ambayo mke wa mdogo mtu hapaswi kumwambia shemeji yake. Siyajutii. Wakati tunagombana fahali alitoka mwenyewe, akamwendea ng'ombe wangu, na ng'ombe akasimama kama amepigiliwa ardhini. Ulikuwa mruko mmoja tu. Shemeji aliuona mruko ule kwa macho yake, fimbo ikiwa bado juu.

Hata hivyo hakurudi nyuma. Alikwenda kwa mama yake kunishtaki na kudai ng'ombe wa harusi. Nami nikaeleza mbele yao wote wawili niliyoyaona: kusimama Jumatano, damu Ijumaa. Mama mkwe hakunipenda, lakini aliogopa mwiko wa kuchinja ng'ombe mwenye mimba kwa ajili ya maharusi.

"Subirini wiki tatu," alisema. "Jumatano hiyo akisimama tena, mchinjeni. Akikataa, ana mimba, mwacheni."

Wiki zile tatu nilizipitisha kwa chuki. Jumatano ilipofika shemeji alikuja boma letu alfajiri, akaegemea ua bila kunisalimu. Ng'ombe wa mama mkwe, aliyekuwa na joto lake siku hiyo, alimparamia wangu. Wangu akampiga teke, akaondoka zake kula. Jioni ikawa vile vile, na kesho yake pia. Shemeji akaenda kutafuta ng'ombe wa harusi kwingine.

Jumapili alisimama nje ya kanisa, ibada ilipokwisha, akatangaza kwamba amegundua jambo. Damu ni dalili ya kuchelewa. Ng'ombe atazamwe asubuhi na jioni, na anayesimama kupandwa na wenzake aletwe siku hiyo hiyo, iwe Jumatano, iwe Jumatatu. Watu wakamshukuru. Bega langu lilikuwa bado na alama, na siku hiyo nilimchukia kuliko siku aliyonipiga.

Mjane mmoja, jirani yetu, akasukuma watu mpaka mbele.

"Mimi yangu niliileta Jumamosi nne," alimwambia. "Kila mara na damu mkiani, kama ulivyosema. Mkaila Krismasi. Ina maana haikuwa tasa?"

Mjane akageuka kututazama sisi wengine, mmoja baada ya mmoja. Nilikuwa na maneno mengi ya kumtupia shemeji yangu mbele ya watu wale, lakini mjane alipofika kwangu nilitazama chini. Krismasi ile nilikula vipande viwili, na nikaomba cha tatu.