Mama Alivyoisuka Upya Hadithi Nje ya Stesheni

Wenyeji walipotufukuza Kolwezi kwa sababu asili yetu ni Kasai, tulikaa nje ya stesheni majuma mengi tukingoja treni ya Kasai. Siku zile hunijia kama ndoto ya homa: vumbi jekundu, moshi wa mkaa, magodoro yaliyotandikwa hadi karibu na reli, watu wakiongea polepole kama walioamshwa usingizini. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Mama alizaliwa pale, nami nikazaliwa pale. Kasai tuliijua kwa jina tu.

Mama alikuwa msimulizi, na watu wa kambi ya mgodi walimjua hivyo. Alasiri moja wakamwomba hadithi, akawatungia mpya. Kijana anaoa msichana asiyejulikana atokako. Mama mkwe hampendi, mwishowe anamwambia, "Rudi kwenu." Msichana anaondoka, na kumbe ndiye mto wa kijiji. Maji yote yanamfuata.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja, fundi umeme wa zamani aliyelala jirani yetu na mkewe, akakuna kidevu.

"Mama, hii mayi inatoka wapi? Umetutupia tu."

Mama alicheka, lakini nilimwona ameumia. Kesho yake tukichambua maharage akaniuliza, "Mwanangu, siye walitufukuza gafula?"

"Ndiyo, mama. Gafula kabisa."

"Fikiria muzuri."

Nikafikiria. Jirani aliyekuwa akiazima kinu chetu kila Jumamosi alinunua chake. Tukamfurahia, tukasema amepata pesa. Muuza samaki sokoni akaanza kutujibu kwa Kifaransa badala ya lugha yetu ya kila siku. Tukacheka kwamba anajivuna. Kwaya ya parokia ikagawanywa makundi mawili, tukaambiwa sauti zimezidi.

"Unaona?" mama akasema. "Kila alama ilikuya na sababu yake. Njo maana hatukuiona. Lakini siku walipogonga mulango, hatukuuliza inatoka wapi. Tulisema, kumbe."

Akaacha maharage. Akaanza kuisuka hadithi kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mto unafanya nini ambacho hata mke nyumbani angeweza kufanya? Hauishi maji, basi mtungi wa mke haukauki: hilo tukalificha ndani ya sifa, kijana akijigamba kwa rafiki zake kwamba ameoa mwanamke anayeamka mapema. Mto unaacha unyevu: hilo tukalitia katika ugomvi, mama mkwe akilalamika kwamba binti hafuti miguu na kizingiti hakikauki. Mto haupandi mlima: basi bibi harusi akatae kwenda harusini kilimani, aseme amechoka, na wifi wamcheke kwamba ana mimba.

"Watu wakicheka, wanameza," mama akasema. "Na usiweke bitu bitatu pamoja. Bitawanye."

Mimi nikaongeza samaki wadogo wanaomfuata binti akienda kuoga. Niliona nimepatia. Tukamjaribia mke wa fundi peke yake, na kabla hadithi haijafika katikati akasema, "Huyu muke si muntu. Ni mto." Mama akanitazama, akawatoa samaki wangu. Nilinuna hadi jua likashuka.

Alasiri iliyofuata akaisimulia tena, kwa wageni waliofika siku ile kutoka upande wa Mutshatsha. Fundi naye akasogeza kiti chake, mikono kifuani. Watu walicheka kizingiti. Walicheka mimba. Kisha mama mkwe akanyoosha kidole mlangoni: "Rudi kwenu." Mama hakuharakisha. Akasema binti aliinama, akachukua mtungi wake, akateremka njia ya bondeni, na nyuma yake kizingiti kikakauka.

Akaishia hapo. Hakulitaja neno mto hata mara moja.

Kisha mwanamke mmoja wa Mutshatsha akasema taratibu, "Eee. Kumbe ule mtungi." Mwingine, "Na ile mulima!" Wakaanza kuokota vipande wenyewe, kila mmoja na chake, wakirudi nyuma katika hadithi. Fundi, ambaye mwisho aliujua, alikuwa anafuta macho.

"Safari hii nilimuhurumia tangu mwanzo," akamwambia mama. "Wakicheka, mi nililia."

"Asante, tata," mama akajibu, kama anayemwita baba yake, akashika mkono wake.

Treni ilipofika hatimaye, tulipanda behewa la mizigo lililojaa vitanda na masufuria. Mama alipata nafasi ya kuegemea gunia la nguo zetu. Watu wakamwomba hadithi. Akatikisa kichwa, akawaonyesha mimi. Nikaanza na kijana anayejigamba kwa rafiki zake, sauti yangu ikipotea katika kelele za magurudumu, na mtu wa mlangoni akapaza sauti, "Nguvu kidogo, dada, huku hatusikii!" Nikaanza upya.