Punguzo la Siku Kumi

Barua ya kwanza aliiandika yeye mwenyewe, na ilimchukua muda mfupi kuliko kupoa kwa chai. Karani wa ankara alikuwa na miaka kumi na minne kwenye ghala lile la unga, na meneja alipomwambia, "Mama, waandikie wateja kwamba anayelipa mapema tunampunguzia," aliandika mstari mmoja: *Punguzo la asilimia 3 kwa malipo ya mapema ndani ya siku 10.* Meneja akasaini bila kukaa kitini. Kila mwoka mikate mjini akapata nakala yake, mdogo wake karani akiwemo.

Mdogo wake huyo, binti wa mwisho kwa mama yao, alikuwa na oveni moja, wasichana wawili wa kumsaidia, na mkataba wa kuipelekea shule ya bweni mikate kila asubuhi. Mkataba ule ndio uliokuwa ukimlipia kodi, kuni na karo.

Sasa, ofisini siku huhesabiwa tangu tarehe iliyopigwa kwenye ankara. Lakini lori la ghala haliondoki mpaka lijae. Ankara ya mdogo wake ilipigwa Jumanne tarehe nne. Lori likajaa Ijumaa tarehe saba, na dereva akamkabidhi magunia na karatasi kwa pamoja. Mwoka mikate gani ataanza kuhesabu siku za unga ambao hajauona? Alihesabu kumi tangu unga uliposhuka mlangoni, na Jumatatu tarehe kumi na saba, asubuhi na mapema, akalipa. Kwenye ankara yake ya milioni moja na elfu sitini alijipunguzia asilimia tatu ya yote, nauli ya lori ikiwemo, kwa sababu barua haikusema asilimia tatu ya nini.

Kwa ofisi alikuwa amechelewa siku tatu. Kompyuta ikamwandikia deni la elfu thelathini na moja na mia nane, na mwenye deni hapakiliwi unga mpaka alilipe. Lori likapita mtaani kwake bila kusimama. Siku tatu shule ilikunywa chai kavu. Ya nne ikatafuta mwoka mwingine.

Hakuwa peke yake. Wateja kumi na mmoja, yeye akiwemo, walikosea vilevile, wengine wakaja kaunta kugomba. Meneja akashika kichwa. "Mama, iandike upya. Iandike hata mimi nikiwa na malaria niielewe."

Safari hii hakuwa na haraka. Aliandika, akaenda stoo kwa mtunza stoo.

"Baba, umeelewa?"

"Nimeelewa sana."

"Basi niambie, mwenye ankara hii alipe kiasi gani, na mwisho lini?"

Mtunza stoo akaitazama karatasi kama anayetafuta nzi kwenye supu. "Hapo sasa unanionea. Mimi nimesema nimeelewa, sijasema najua."

Wakacheka, lakini karani alicheka nusu. Neno "nimeelewa" watu hulitoa kwa adabu, kama "sijambo". Tangu hapo hakuuliza tena kama mtu ameelewa. Aliuliza kiasi na siku, akanyamaza. Dereva wa lori, aliyeitwa Polepole kwa sababu hakuwa hivyo, alisoma "kabla ya tarehe 14" akasema mwisho ni kumi na tatu. Mfagizi akasema kumi na nne. Karani akalifuta neno "kabla". Polepole akauliza tena, "Dada, na nikilipa nusu leo nusu kesho?" Akaongeza mstari. "Na nikituma Ijumaa, benki ikaileta Jumatatu?" Akaongeza mwingine.

Mwisho wake, hesabu ya siku aliiondoa kabisa. Mteja asihesabu chochote. Ofisi imhesabie, na kila ankara ichapwe hivi:

*Unga: 1,000,000. Nauli: 60,000. Jumla: 1,060,000.*
*Punguzo ni asilimia 3 ya bei ya unga peke yake, yaani 30,000. Nauli haipunguzwi.*
*Ili upate punguzo, lipa 1,030,000 kwa mara moja, fedha ziwe zimeingia kwenye akaunti yetu Ijumaa tarehe 14, saa kumi jioni, au mapema zaidi. Zikiingia baada ya hapo, hata kama ulizituma mapema, lipa 1,060,000.*
*Mwenye deni la ankara ya zamani hapati punguzo mpaka alimalize.*

Meneja aliisoma mara mbili. Akakubali pia kuyafuta madeni ya wale kumi na mmoja, maana kosa ni la ghala. Karani akaomba ruhusa ya saa moja, akaikunja karatasi ndani ya mkoba, akaenda kwa mdogo wake kwa miguu.

Mlango wa duka la mikate ulikuwa wazi. Pale ilipokuwa oveni palibaki mraba mweusi sakafuni. Mdogo wake alikuwa akisugua trei za kuuza.

"Karibu, dada. Kiti kimeshanunuliwa, simama."

"Nisomee hii kwanza. Halafu uniambie unalipa ngapi, na mwisho lini."

Alifuta mikono, akasoma mara moja tu. "Milioni moja na elfu thelathini. Ijumaa tarehe kumi na nne, saa kumi, iwe imeshaingia." Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. "Hii ni ankara yangu."

"Ni yako. Ndiyo ninayoijua kwa moyo. Meneja amefuta deni, mdogo wangu. Akaunti yako iko wazi tangu leo."

"Wazi ya nini? Nitaukanda unga nikauoke juani?" Alisema kama utani, ila hakucheka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, jambo ambalo dada mtu aliliogopa njia nzima, "Ile orodha ya wasiopakiliwa, dada, inapita mezani kwako?"

"Inapita."

"Jina langu uliliona?"

Angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amemlea huyu, alimfunga viatu, na uongo wake haukuwahi kufika mbali mbele ya macho yale.

"Nililiona. Nikasema ni hela ndogo, utaileta. Na niliogopa watasema nawabeba ndugu zangu. Nina watoto, nikafikiria kazi."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali bei. "Mimi sikupiga simu kwa sababu nilijua upo. Nilisema, kama kuna baya, dada ataniambia. Siku tatu nimekaa mlangoni nasubiri lori, nawaambia wasichana, msihofu, dada yangu yuko palepale."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, dada." Alilitamka upesi, kwa adabu, na karani akalitambua neno la aina hiyo. Mdogo wake akamrudishia karatasi. "Barua ni nzuri. Wapelekee wenzangu. Mimi nakwenda kwa mume wangu mwisho wa mwezi, huko anakofanya kazi. Ukipata nafasi utanisalimia watoto."

"Si utapita nyumbani kuwaaga?"

"Nina mizigo mingi."

Mwezi uliofuata ankara mpya zilitoka. Ijumaa ya mwisho wa punguzo, ilipofika saa kumi jioni, hakuna hata mteja mmoja aliyekosea kiasi wala siku, na meneja akawanunulia wote soda. Karani alishukuru kwa soda yake, akaiacha mezani bila kuifungua, akajaribu tena namba ya mdogo wake. Ikaita mpaka ikakata.